Mililita Mia Tatu kwa Siku

Aliacha uuguzi miaka sita iliyopita, lakini jina halikustaafu naye. Mtaani bado anaitwa Sista: dukani, kwa kinyozi, na kwa kina mama wanaobisha hodi na mtoto mwenye homa ilhali wanajua fika kwamba zahanati iko hatua chache mbele. Miguu yake nayo haikustaafu. Mtu aliyezunguka wodini miaka thelathini na mmoja hawezi kukaa kwenye kiti kama mwenye kiti. Hukaa ukingoni, kisigino kimoja juu, kama aliyeitwa akaitika na sasa anasubiri kuitwa tena.

"Kaa basi," mumewe humwambia.

"Nimekaa."

"Hapo hujakaa. Hapo umeegesha, na injini inanguruma."

Mumewe ndiye wa kujua, maana maisha yake yote aliendesha malori ya mizigo. Watu humwita Dereva, naye hupenda kuitwa hivyo kwa sababu sasa haendeshi chochote. Alipostaafu alikabidhi funguo, akashusha pumzi, akakaa. Mpaka leo amekaa. Hivyo ndivyo walivyogawana uzee: mmoja akachukua utulivu wote, mwingine akabaki na wasiwasi wote, na nyumba ikawa na kipimo.

Wasiwasi wa Sista ulikuwa na makao yake nyuma ya nyumba, katika banda la nailoni nyeupe. Humo mlikuwa na mabomba yaliyotobolewa matundu, na katika kila tundu mche wa letusi, miche mia tano kwa jumla, hakuna hata mmoja uliowahi kuonja udongo. Mizizi ilining'inia ndani ya mabomba, ikilambwa na maji yaliyozungushwa kutoka kwenye tangi la lita mia nne lililokaa pembeni kama mgonjwa mnene. Ndani ya maji hayo ndimo mlimokuwa na chakula chote cha mche. Chumvichumvi za chakula zikipungua, majani hupauka na kudumaa. Zikizidi, huanza kuungua pembeni, kana kwamba mtu kapitisha kiberiti, kisha mche unanyong'onyea huku umesimama ndani ya maji.

Wateja wake walikuwa majiko mawili ya hoteli na shule moja ya bweni. Hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini kwa miaka mitatu Sista hakuwahi kulala nje ya nyumba hiyo hata siku moja. Kila asubuhi na kila jioni alichovya kipimo, akasoma tarakimu, akapima dawa mbili za lishe kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano: chupa ya A, kisha chupa ya B. Hakuzichanganya kamwe zikiwa nzito, kwa sababu A na B zikikutana kabla ya kuingia kwenye maji mengi hugandiana na kuwa chaki nyeupe, na mche hauli chaki.

Dada yake mkubwa alilijua tangi hilo kuliko alivyowajua baadhi ya wapwa zake, na hakulipenda. Aliishi mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari. Mume wa dada huyo alipofariki, Sista alifika asubuhi, akalia kwa machozi ya kweli, akashika mchanga kaburini, na saa tisa alasiri akawa ameshika mkoba.

"Unakwenda wapi?" dada aliuliza.

"Tangi, dada. Jioni lazima lipimwe."

Dada alimtazama tu kwa macho ambayo hata siku hizo yalikuwa yameanza ukungu. Baadaye kwenye simu alisema mara moja, wala hakurudia: "Nilimzika mume wangu, wewe ukaenda kunywesha mboga."

Sasa ukungu ule ulikuwa umeshika. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Dada alikuwa mshonaji, na kwa mwaka mzima alikuwa akishona kwa vidole, akitia uzi kwenye tundu la sindano kwa ulimi na subira. Hospitali ikampa siku ya upasuaji. Akapiga simu.

"Wanataka mtu wa kukaa nami siku mbili," alisema. "Wanangu wako mbali. Nimekutaja wewe."

"Nitakuja."

"Usiseme haraka. Safari hii ukija ukaondoka na gari la jioni, mdogo wangu, basi usihangaike kuja tena. Nitakuwa nimeshaona."

Hivyo ndivyo pampu zilivyoingia katika nyumba hiyo.

Aliyezileta alikuwa jirani yao, fundi wa majokofu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi. Ni mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa laini ajabu kwa vitu vidogo. Aliweka mezani pampu mbili zinazoenea kiganjani.

"Hii haifyonzi kama pampu ya kisima, Sista. Tazama. Ndani kuna magurudumu madogo matatu. Yanazunguka huku yanauminya huu mpira laini ukutani, na dawa inasukumwa mbele kidogo kidogo, kama unavyokamua dawa ya meno. Dawa haigusi chuma. Inagusa mpira tu. Na ikisimama, gurudumu linabaki limeukaba mpira, hakuna kinachorudi nyuma wala kudondoka mbele."

Sista aliinama, akalizungusha gurudumu kwa kidole. "Dripu," alisema. "Hii ni dripu ya mashine."

"Ndiyo. Na hiki kisanduku ndicho nesi wake."

"Nesi kasomea wapi?"

Dereva akacheka kutoka kwenye kiti chake.

Baridi alieleza kazi. Kipima chumvi kimoja kitakaa ndani ya tangi saa zote. Kila saa moja kisanduku kitasoma. Usomaji ukiwa chini ya moja nukta nne, pampu ya A itakimbia dakika moja, itasimama, itasubiri dakika tano, kisha B itakimbia dakika moja. Baada ya hapo hakuna kinachoruhusiwa kusogea mpaka saa nyingine, ili maji yazunguke na dawa ienee, maana ukipima mapema utasoma maji ambayo hayajapata habari, uongeze dawa juu ya dawa.

"Dakika moja ni kiasi gani?" Sista aliuliza.

"Mililita hamsini."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa kwenye boksi."

Sista alikwenda kabatini akaleta kipimo cha kioo chenye mistari. Wakaijaribu pampu ya A kwa dakika moja, saa ya ukutani ikiwa shahidi. Arobaini na moja. Wakarudia. Arobaini na moja tena. Baridi alikuna kichwa. Pampu hizo alizinunua kwa mtu aliyezitumia kabla, na mpira wa A ulikuwa umeshapoteza uvimbe wake kwa kukandamizwa mwaka mzima. Walipoweka mpira mpya, ikatoa hamsini na tatu. Ndipo Baridi akapunguza sekunde ndani ya kisanduku mpaka kila pampu, A na B, ikatoa hamsini kamili mara tatu mfululizo.

"Ridhika sasa," alisema.

"Bado. Kwa siku, mwisho ni ngapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Dawa. Ikitokea nesi wako kachanganyikiwa, akadhani mgonjwa ana njaa kutwa kucha. Mwisho ni ngapi?"

Baridi alisema kuna kikomo cha usomaji: ukifika mbili pampu haziendi. Sista akatikisa kichwa. Hicho ni kikomo kinachomtegemea yule yule aliyechanganyikiwa. Alitaka kikomo kisichosoma chochote, kinachohesabu tu: nimetoa kiasi hiki leo, basi.

Hakueleza kwa nini. Dereva ndiye pekee aliyejua, naye alitazama pembeni. Mwaka wake wa pili kazini, Sista alimkuta mgonjwa mmoja na karatasi isiyo na saini. Dozi ya asubuhi haikuandikwa kwamba imetolewa, kwa hiyo akaitoa. Kumbe mwenzake alikwisha kuitoa, akakimbilia mgonjwa mwingine kabla ya kushika kalamu. Mgonjwa alilala siku mbili bila kuamka, kisha akaamka akaomba uji. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini tangu siku hiyo kisigino cha Sista hakikugusa chini sawasawa.

Basi akaleta daftari lake. Kwa miezi mitatu, siku ya joto kali kuliko zote, miche ilikula mililita mia mbili na ishirini za kila chupa. Akakadiria: mia tatu. Katika lita mia nne zile, kila mililita mia moja za A na mia za B hupandisha usomaji kwa sifuri nukta moja. Hata mia tatu zote zikiingia siku moja bila mche kula chochote, tangi litatoka moja nukta nne kwenda moja nukta saba. Letusi watavimbiwa kidogo. Hawatakufa.

"Weka mia tatu," alisema. "Ikifika, ifunge, initumie ujumbe."

Baridi akaweka. Na asidi ya kusawazisha ukali wa maji Sista hakutaka kabisa iwekewe pampu. Aliipima kwa mkono siku ya mwisho kabla ya safari, akafunga chupa, akaipandisha rafu ya juu. Siku mbili mboga zingeweza kusubiri.

Jioni ya kuamkia safari alimfuata Baridi karakanani, akamkuta kichwa kikiwa ndani ya jokofu la mtu.

"Nimefikiri," alisema. "Je, kukiwa na joto kupita kiasi, mia tatu zikaisha mapema, na mimi niko mbali? Wafe njaa?"

"Sista. Juzi uliniomba ukuta. Leo unataka mlango."

"Mlango mdogo."

Baridi alitoa kichwa, akamtazama, akapangusa mikono. Akaenda akatia mlango: ukijibu ujumbe kwa neno FUNGUA, kikomo kinaondoka mpaka utakaporudi kukiweka mwenyewe. "Lakini mlango huu," alisema, "hauna bawabu."

Asubuhi Sista aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alikwenda bandani mara nne. Mara ya kwanza alitazama viwango vya chupa. Mara ya pili alilijaribu boya linaloongeza maji safi yanapopungua. Mara ya tatu alitazama kama mipira miwili ya dawa imeachana mdomoni, A upande huu, B upande ule, isitoneshee mahali pamoja. Mara ya nne hakuwa na sababu. Alikitoa kipima chumvi majini, akakisuuza kwa maji safi, akakikausha kwa kitambaa laini, kama alivyokuwa akifanya na vipimajoto kila mwisho wa zamu.

Nje gari likapiga honi.

"Wanakuacha," Dereva aliita.

Alitoka mbio, akarudi kuchukua mkoba, akatoka tena. "Usiguse kitu," alimwambia mumewe.

"Mimi? Mimi na mboga zako tunasalimiana kwa mbali."

Ilikuwa saa moja asubuhi.

Safari nzima alishika simu kama aliyeshika yai. Kisanduku kilikuwa na desturi mbili tu: kutuma ripoti kila saa moja asubuhi, na kulalamika kikifika kikomo. Kwa hiyo kimya kilikuwa habari njema, lakini Sista hakuwahi kukiamini kimya. Wodini, anayelia yuko hai. Aliyenyamaza ndiye unayemkimbilia. Alimpigia mumewe mara mbili. Mara ya kwanza alijibu kwamba banda lipo. Mara ya pili alijibu kwamba banda bado lipo.

Alimkuta dada hospitalini, amevaa gauni la kijani lililofungwa mgongoni, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Dada aliinua uso kuelekea kwenye nyayo.

"Ni wewe. Hakuna mwingine anayetembea kama anafukuzwa."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Gari la kurudi ni saa ngapi?"

"Dada."

"Nauliza tu. Saa kumi, sivyo? La mwisho."

Muuguzi wa zamu, msichana wa umri wa kuwa binti yake, aliwaomba wazime simu mlangoni. Sista aliizima. Ilimuuma kama kung'oa plasta. Alikaa barazani kwenye benchi la mbao huku dada akiingizwa ndani, akahesabu vigae vya sakafu, akasimama, akasoma tangazo la kunawa mikono alilokuwa akiwasomea wengine miaka thelathini, akakaa, akasimama. Karibu na saa tisa dada alitolewa, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na kikombe kidogo cha plastiki.

"Imekwisha?" Sista alimuuliza muuguzi.

"Imekwenda vizuri, mama. Kesho asubuhi daktari atafungua. Leo asiiname, asijikwae, asisugue. Asiachwe peke yake."

Alimlaza dada, akavuta shuka, kisha akatoka mlangoni, akawasha simu.

Ujumbe ulikuwa wa saa saba.

USOMAJI 0.0. A 300. B 300. KIKOMO CHA SIKU. PAMPU ZIMEFUNGWA. JIBU FUNGUA KUENDELEA.

Alisoma mara mbili. Sifuri. Dawa zote zimeingia na tangi bado linasoma sifuri. Akaliona tangi limepasuka, boya linamimina maji safi bila kikomo, chakula kinakimbilia mtaroni, miche mia tano inakunywa maji matupu juani. Wana njaa. Sifuri ni njaa. Kidole gumba chake kilikwisha kuandika F, na U, na N.

Hapo kilisimama.

Si ujasiri uliokisimamisha, wala hekima. Ni uchovu wa zamani sana, wa mkono uliowahi kufanya kitu hicho hicho. Karatasi ilisema mgonjwa hajapewa. Karatasi haikuwa mgonjwa. Akafuta N, akafuta U, akafuta F, akampigia mumewe.

"Uko wapi?"

"Nimekaa."

"Inuka. Nenda bandani. Usikate simu."

Alisikia kiti kikilalamika, ndara, mlango wa wavu.

"Nipo," Dereva alisema. "Banda lipo."

"Majani yakoje?"

"Ya kijani."

"Yamelala au yamesimama?"

"Yamesimama. Yamesimama kuliko mimi."

"Kuna maji sakafuni?"

"Pakavu."

"Tangi lina maji?"

"Limejaa mpaka kwenye alama. Pampu kubwa inazungusha, naisikia."

Sista alifumba macho. Tangi limejaa, majani yamesimama, na mashine inaapa kwamba maji hayana chochote. "Kuna waya mweusi," alisema polepole, "una kitu kama kalamu mwishoni. Uko ndani ya maji?"

Kisha Dereva akakohoa.

"Uko msumarini."

"Wapi?"

"Ukutani, kwenye msumari wa taulo. Umetundikwa vizuri kabisa. Mkavu kama soksi."

Sista aliegemea ukuta wa hospitali. Alikiona kipima kile mkononi mwake mwenyewe asubuhi, kitambaa, honi. Alikisafisha, akakitundika kama kipimajoto cha wodini, akaondoka. Tangu saa mbili kisanduku kilikuwa kinapima hewa. Kila saa kimepima hewa, kikaona njaa, kikatoa dawa. Mara sita. Na kama isingekuwa ile mia tatu, kingeendelea mpaka kesho kutwa, na kile kikomo cha usomaji alichotaka Baridi kisingesema neno, kwa sababu hewa haifiki mbili.

Na yeye alikuwa ameandika herufi tatu za kukifungulia.

"Bado upo?" Dereva aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha.

"Nipo. Kishike kwa juu, kizamishe. Kichwa chote kiwe ndani ya maji, na kiwe mbali na pale mipira ya dawa inapotonea. Kifunge na kile kibanio. Halafu subiri dakika kumi, unisomee kisanduku."

"Dakika kumi nisimame?"

"Simama."

Zilikuwa dakika ndefu. Kupitia mlango uliofunguka nusu alimwona dada amelala chali, jicho moja limefunikwa, jingine halioni mbali, mikono juu ya kifua, vidole vinatembea kwenye pindo la shuka vikikagua mshono.

"Moja nukta saba," Dereva alisema hatimaye.

Moja nukta saba. Ilikuwa hesabu ile ile ya daftari, imetoka penseli ikaingia kwenye maji. Hawakufa. Wamevimbiwa.

"Nitoe maji?" Dereva aliuliza. "Nimwage kidogo, niongeze safi? Niambie ndoo ngapi."

Kichwa chake kilikwisha kuzipata: lita sabini nje, sabini ndani, ndoo saba. Alitaka kusema ndoo saba. Alitaka zaidi kuzibeba yeye. Ubavuni mwa geti, upande wa pili wa barabara, gari la saa kumi lilikuwa limewasha injini, na utingo anagonga bodi akiita abiria. Angefika saa mbili usiku. Angeona kwa macho yake. Mkoba ulikuwa begani. Hakukumbuka aliuvaa saa ngapi.

"Mgongo wako haubebi ndoo," alimwambia mumewe. "Acha. Pampu zimefungwa, hakuna kinachoingia tena leo. Mche ukinywa, boya linaongeza maji matupu. Itashuka yenyewe. Na kesho kisanduku kikisoma juu ya moja nukta nne, hakitatoa dawa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Hakuna."

"Hiyo naijua," Dereva alisema. "Wewe je, utaiweza?"

Sista aliingia ndani, akasimama kando ya kitanda.

"Zimekufa?" dada aliuliza. Alikuwa amesikia yote. Asiyeona vizuri ana masikio ya mwizi.

"Nilisahau kipimo msumarini. Zimekula kupita kiasi."

"Basi nenda. Gari linanguruma hapo nje. Sitasema kitu."

"Najua hutasema. Hilo ndilo baya."

Sista alivua mkoba, akautundika kwenye kichwa cha kitanda, akaketi kwenye stuli ya chuma. Alisikia gari likiingiza gia. Alisikia likikata kona. Miguu yake ilisikia pia, ikajibu kwa kutikisika chini ya stuli.

"Unatikisa kitanda," dada alisema.

"Samahani."

"Tikisa tu. Ila shika mkono huu, nijue unakotokea huo mtetemeko."

Aliushika. Usiku ule aliinuka mara tano. Mara zote tano alirudi.

Asubuhi, saa moja kamili, simu ilitetemeka wakati daktari anavaa glavu. Sista alitazama, maana alikuwa yeye na si mtu mwingine. USOMAJI 1.7. A 0. B 0. Ilikuwa juu bado, lakini hakuna tone lililoingia. Daktari alibandua plasta kwa upole, akainua kikombe, akaondoa pamba. Dada alipepesa, chozi likamtoka, akapepesa tena. Alitazama dirisha kwanza, halafu mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. Halafu akamgeukia mdogo wake, akamkagua kuanzia kwenye nywele kwenda chini, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Umekonda," alisema. "Na hilo gauni limeshonwa na nani? Bega moja limepanda."

"Nimelinunua hivi hivi."

"Nimeliona. Livue nikifika nyumbani, nitalifumua." Akanyoosha mkono, akashika bega lile, akalivuta chini palipostahili. "Unabaki mpaka lini?"

"Mpaka kesho mchana."

"Na mboga?"

"Zina kikomo."

Dada alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa asiiname.